Anayechora Grafu Ndiye Mwenye Wajibu wa Kuieleza

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, kila aliyelala ndani ya mipaka ya Tanzania alihesabiwa. Asiyeona alihesabiwa sawasawa na anayeona, na makarani hawakuruka kaya kwa kuwa mkuu wake hasomi maandishi ya wino. Matokeo yalipotangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo, idadi ilikuwa watu 61,741,120. Tangu siku hiyo namba hiyo imechorwa na kuchorwa tena katika ripoti, magazeti, tovuti na mabango ya simu, mara nyingi kama mihimili sita iliyopangwa mmoja baada ya mwingine, kila mhimili ukisimamia sensa moja tangu ile ya 1967. Na hapo ndipo yule aliyehesabiwa sawa na wenzake anapoachwa nje, kwa sababu simu yake ikifika kwenye mihimili hiyo humwambia kwamba kuna picha, kisha hunyamaza.

Tunaandika kuhusu ukimya huo. Tunawaandikia wanaoweza kuuondoa: maofisa takwimu, wahariri wa majedwali, wasanifu wa kurasa na wasimamizi wa tovuti za umma. Msimamo wetu ni kwamba grafu inayotolewa bila sentensi za kuieleza ni kazi ambayo haijakamilika. Na sentensi hizo lazima ziandikwe kutoka kwenye namba zilizoizaa grafu, na yule aliye na namba hizo mkononi. Kuiangalia picha na kukisia inaonyesha nini hakutoshi.

Wajibu huu haukubuniwa na sisi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi katika Ibara ya 21 kuwapa watu wenye ulemavu taarifa zinazolenga umma, katika muundo wanaoweza kuufikia, kwa wakati na bila gharama ya ziada. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unaojulikana kwa kifupi kama WCAG unaliweka jambo hili katika kigezo chake cha kwanza kabisa, namba 1.1.1: kila kisichokuwa maandishi kiwe na maandishi mbadala yanayofanya kazi ileile. Kigezo hicho kiko katika daraja la chini kabisa la utekelezaji, lile ambalo bila kulifikia huwezi kudai kuwa umeanza. Kwa hiyo ofisi inayosema bado haina bajeti ya jambo hili inaomba kusamehewa hatua ya kwanza ya ngazi.

Ni vema kwanza msomaji anayeona aelewe kinachosikika upande wa pili. Kisoma skrini, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, husoma ukurasa kwa sauti kutoka kipengele kimoja hadi kingine. Kikifika kwenye picha hutafuta maandishi mbadala yaliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Yakiwepo, huyasoma kwa mfululizo, kama pumzi moja: hakuna kichwa cha habari, hakuna safu za jedwali, na msikilizaji aliyepitwa na neno la katikati kwa kawaida hulazimika kuanza upya. Yakikosekana, husema tu kwamba hapa kuna picha, na wakati mwingine husoma jina la faili, herufi na tarakimu ambazo hazimsaidii mtu yeyote. Kuna hali mbaya kuliko hiyo. Mwandishi akiweka maandishi mbadala matupu, alama inayokusudiwa kwa mapambo tu, kisoma skrini huiruka picha kana kwamba haipo. Asiyeona hatajua hata kwamba kulikuwa na grafu ya kuulizia.

Kwa hiyo maandishi mbadala ya grafu yana nafasi ndogo, sentensi chache tu, na nafasi hiyo haiwezi kupotezwa. Tumeona ikipotezwa kwa njia tatu. Wengine huandika "Grafu ya idadi ya watu" na kuridhika, ilhali wametaja jina la chombo bila kusema kilichomo. Wengine humwaga namba zote mfululizo, mwaka na idadi, mwaka na idadi, hadi msikilizaji anaposhindwa kukumbuka ya tatu huku ya tano ikisomwa. Wengine huandika "Idadi ya watu imeongezeka," jambo ambalo mtu angelijua hata pasingekuwa na sensa. Mwenye macho haioni grafu kwa namna yoyote kati ya hizo tatu. Huona mara moja umbo: linapanda, linapanda kwa namna gani, na wapi limebadilika. Umbo hilo ndilo deni.

Tuichukue grafu hiyohiyo ya sensa tuifanyie kazi, kwa kuwa imebeba karibu mitego yote. Namba zake, zikikaribishwa kwenye sehemu moja ya kumi ya milioni, ni hizi: mwaka 1967, milioni 12.3, mwaka 1978, milioni 17.5, mwaka 1988, milioni 23.1, mwaka 2002, milioni 34.4, mwaka 2012, milioni 44.9, mwaka 2022, milioni 61.7.

Mtego wa kwanza uko kwenye picha yenyewe. Wasanifu wengi wanapenda kukata skeli ya wima ili mihimili iachane vizuri. Tuseme msanifu ameianzisha kwenye milioni 10 badala ya sifuri. Mhimili wa 1967 utabaki na kimo cha milioni 2.3 tu juu ya mstari wa chini, na ule wa 2022 utapanda kwa milioni 51.7. Anayeandika maelezo kwa kutazama picha ataona mhimili mmoja ukiwa mrefu zaidi ya mara ishirini kuliko mwingine, na akiwa na haraka ya kufunga ukurasa ataandika hivyo. Anayeandika kutoka kwenye jedwali atagawanya 61.7 kwa 12.3 na kupata tano. Idadi ya mwaka 2022 ni mara tano ya ile ya 1967. Tofauti ya mara tano na mara ishirini si ya mtindo wa uandishi. Ni tofauti ya taarifa ya kweli na ya uongo, na asiyeona hana picha ya kuirudia ili asahihishe.

Mtego wa pili ni wa ndani zaidi, na huwanasa hata wanaofanya hesabu. Ukitoa kila sensa kwenye inayofuata, unapata nyongeza tano: milioni 5.2, milioni 5.6, milioni 11.3, milioni 10.5 na milioni 16.8. Mtu akiishia hapo ataandika kwamba ongezeko lilipaa baada ya 1988, likapungua kidogo baada ya 2002, kisha likapaa tena. Sentensi hiyo inapendeza, ina mwanzo na kati na mwisho, lakini imepotosha. Sensa zetu hazikupishana kwa miaka sawa. Kutoka 1967 hadi 1978 ni miaka 11. Kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14, na vipindi vingine vitatu ni vya miaka 10. Mihimili sita iliyopangwa kwa nafasi zilizolingana imeuficha ukweli huo mchana kweupe.

Gawa sasa kila nyongeza kwa miaka yake. Kabla ya 1978 waliongezeka watu laki 4.7 kwa mwaka. Kabla ya 1988, laki 5.6, kabla ya 2002, laki 8.1, kabla ya 2012, laki 10.5, na kabla ya 2022, laki 16.8. Hakuna kupaa na kushuka tena. Wanaoongezeka kila mwaka wamekuwa wengi zaidi kipindi baada ya kipindi bila kukatika, na kile kinachoonekana kuwa kulegea baada ya 2002 kilitokana na kulinganisha miaka 14 na miaka 10.

Na bado hatujamaliza, maana kuna namna ya tatu ya kulisoma jedwali hilohilo, nayo ni kasi kwa asilimia. Hapa twende polepole. Kati ya 2012 na 2022 idadi iliongezeka kwa asilimia 37.4. Mtu akigawanya kwa miaka 10 anapata asilimia 3.7 kwa mwaka na kuiweka kwenye sentensi. Amekosea, kwa sababu watu wa mwaka wa pili wanaongezeka juu ya wale wa mwaka wa kwanza, kama faida ya benki inayozaa faida. Hesabu sahihi inatoa asilimia 3.2, na hiyo ndiyo iliyomo katika matokeo rasmi. Kwa vipindi vyote vitano kasi ni asilimia 3.2, kisha 2.8, 2.9, 2.7, na kurudi 3.2. Umbo la safu hii ni tofauti kabisa na zile mbili. Limeshuka, likakaa chini kwa muda mrefu, kisha likarudi lilipoanzia.

Basi jedwali moja limetoa kauli tatu kuhusu kipindi cha 2002 hadi 2012. Nyongeza ya kipindi ilipungua. Nyongeza ya kila mwaka iliongezeka. Kasi kwa asilimia ilipungua. Zote tatu ni sahihi kihesabu, na mwandishi anayeandika tu "ongezeko lilipungua" hajasema lolote linaloeleweka, kwa kuwa hajataja ni lipi lililopungua. Idadi yenyewe haikupungua hata kidogo, na msikilizaji asiye na picha anaweza kabisa kudhani ilipungua. Kwa sababu hiyo tunadai kila sentensi ya mwenendo itaje kitu kinachopanda au kushuka, na kipimo chake, kabla ya kitenzi.

Swali linalobaki ni kauli ipi iingie kwenye maandishi mbadala. Jibu letu ni ile inayolingana na kilichochorwa. Grafu hii inaonyesha idadi ya watu, haionyeshi kasi. Asilimia zinaweza kuwa na maana kubwa kwa makala, lakini zikihitajika ziwekwe kwenye aya ambayo kila msomaji anaisoma. Maandishi mbadala si mahali pa kumpa asiyeona habari ambayo mwenye macho hakupewa, kama ambavyo si mahali pa kumnyima. Tukiweka yote hayo pamoja, maelezo ya grafu yetu yanakuwa haya:

```html
<img src="sensa-1967-2022.png"
     alt="Grafu ya mihimili ya idadi ya watu Tanzania katika
     sensa sita. Idadi imepanda katika kila sensa, kutoka
     milioni 12.3 mwaka 1967 hadi milioni 61.7 mwaka 2022,
     mara tano ya ile ya mwanzo. Kupanda kukubwa zaidi ni
     kwa miaka 10 ya mwisho, watu milioni 16.8.
     Jedwali lipo chini ya grafu.">
```

Tazama mpangilio wake. Linatangulia jina la aina ya grafu, kwa maneno machache, ili msikilizaji ajue anajengewa umbo gani kichwani. Unafuata mwenendo mzima pamoja na ncha zake mbili, mwanzo na mwisho. Kisha linatajwa badiliko moja lililo kubwa kuliko mengine. Mwisho anaelekezwa ziliko namba zote. Sensa nne za katikati hazikutajwa kwa namba, na hilo si kosa, kwa kuwa jedwali lililo chini linaweza kusomwa safu kwa safu, kwa mwendo wa msikilizaji mwenyewe. Namba zimekaribishwa kwa makusudi pia. Anayesomewa "milioni 61.7" anaibeba, anayesomewa tarakimu nane moja kwa moja anabaki na kelele. Ile namba kamili ikae kwenye jedwali.

Jedwali hilo liwe jedwali la kweli ndani ya ukurasa, siyo picha nyingine ya jedwali. Na ukurasa wenyewe utangaze lugha yake kwa `lang="sw"`. Tovuti nyingi za Kiswahili zimejengwa juu ya violezo vilivyotangaza Kiingereza, na matokeo yake ni kwamba kisoma skrini huweza kuyatamka maneno yetu kwa sauti ya Kiingereza, huku "2022" ikitamkwa kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Sentensi iliyoandikwa kwa uangalifu wote huharibika hapo, kwa kosa la neno moja juu ya ukurasa.

Kuna jambo ambalo tumeliacha nje ya sentensi zile, na tunajua baadhi ya waandishi watalikosa: sababu. Hatukuandika kwa nini idadi imepanda hivyo katika miaka 10 ya mwisho. Jedwali la sensa sita halisemi kwa nini, na mwandishi wa maelezo hana ruhusa ya kulisemea. Wanaoyatumia maelezo haya nao wameshatoa neno lao. Alan Lundgard na Arvind Satyanarayan wa chuo cha MIT, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2021, waliyagawa maelezo ya grafu katika ngazi nne: namna grafu ilivyoundwa, namba zake za kitakwimu, mwenendo wake, na mwisho tafsiri inayotoka nje ya grafu, kama vile sababu za kijamii. Waliwauliza wasomaji 30 wasioona na 90 wanaoona ni ngazi ipi inayowafaa. Wanaoona waliipenda ile ya tafsiri. Wengi wa wasioona hawakuipa nafasi hiyo. Walitaka namba na mwenendo, wafikie tafsiri wenyewe. Tunaomba kila mhariri alikumbuke hilo anapojisikia kuongeza neno kama "la kutisha" au "la kutia moyo" ndani ya maandishi mbadala. Hisia hiyo ni yake.

Si kila grafu ina mwenendo, na hapo pia pana wajibu. Grafu ya mstari wa bei za mahindi sokoni kwa miezi 12, inayopanda na kushuka bila utaratibu, isilazimishwe kuwa na hadithi. Aandike mwandishi kwamba bei iliyumba bila kuelekea upande mmoja, ataje ya juu kabisa na mwezi wake, ya chini kabisa na mwezi wake, na ilipoishia. Grafu yenye mistari minane iliyosokotana haiwezi kuelezwa kwa sentensi chache na mtu yeyote. Mara nyingi hata mwenye macho haielewi. Mwandishi wa maelezo akishindwa kuipatia sentensi, airudishe kwa mchoraji igawanywe.

Na huo, kwa maoni yetu, ndio mchango ambao wachoraji hawautarajii. Yule aliyekaa na grafu ya sensa akitafuta sentensi yake ndiye aliyegundua kwamba nafasi kati ya mihimili zinadanganya. Akiwa mwaminifu hatatosheka kuongeza onyo kwenye maelezo. Atamwambia mchoraji aisogeze mihimili ifuate miaka, 1988 na 2002 ziachane kwa miaka 14, na skeli ianzie sifuri. Grafu itakayotoka hapo itawafaa wote.

Kupima kama sentensi zimefaulu si kazi ya kamati. Mpigie simu mwenzako ambaye hajaiona grafu, msomee maelezo mara moja, umwombe achore alichosikia. Kwa grafu yetu anatakiwa kuchora mihimili sita inayopanda bila kushuka, wa mwisho ukiwa umewaacha wenzake kwa mbali. Akichora bonde mahali fulani, sentensi yako ndiyo iliyolichimba. Baada ya hapo chukua kila namba iliyomo kwenye sentensi uihesabu upya kutoka kwenye jedwali, na siku jedwali litakapoongezewa safu, rudi kwenye sentensi siku hiyohiyo. Grafu mpya yenye maelezo ya zamani ni kosa ambalo mwenye macho hawezi kuliona, na ndiyo maana hudumu miaka mingi. Kwa ripoti za PDF kazi hii hufanywa mapema, kwenye waraka wa Word, kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya grafu na kuchagua `View Alt Text`, kabla waraka haujageuzwa. Kungoja hadi ripoti iwe imeshachapwa kunaongeza gharama, na kwa kawaida kinachoongezewa gharama hakifanyiki.

Tumesikia utetezi kwamba kazi hii ni ya watu wa tehama. Tunaukataa. Fundi wa tovuti hupokea picha, hapokei jedwali. Hajui kwamba sensa zilipishana kwa miaka isiyolingana, wala hajui skeli ilianzia wapi, na kumwachia yeye sentensi ni kumwagiza akisie. Anayejua ni ofisa takwimu aliyekusanya namba na mwandishi aliyeamua kuzichora. Wao ndio wanaosaini, na saini yao iwajibike kwa sentensi kama inavyowajibika kwa namba.

Kwa hiyo tunazitaka ofisi zote za umma zinazotoa takwimu kwa Kiswahili ziingize maandishi mbadala katika orodha ya vitu ambavyo bila kukamilika ripoti haipokelewi, na ziweke jina la aliyeyaandika. Tunawataka wahariri wenzetu wafanye hivyohivyo katika vyumba vyao vya habari, kuanzia toleo linalofuata. Grafu ikifika mezani bila sentensi zake na bila jedwali lake, irudishwe kwa aliyeileta.